Kukaanga gonja mbichi na gonja mbivu: joto la mafuta, unene wa kipande na muda wa kila moja

Gonja mbichi na gonja mbivu hutoka kwenye mkungu mmoja, lakini zikifika kwenye karai ni vyakula viwili tofauti, na anayezikaanga kwa moto mmoja na kwa unene mmoja hakosi kuharibu mojawapo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzikaanga zote mbili alasiri moja, katika karai moja na kwa lita moja ya mafuta, ili mbichi zitoke krispi kavu zinazovunjika kwa kidole na mbivu zitoke laini ndani na zenye ukoko wa kahawia nje. Gonja inayozungumziwa hapa ni ile ndefu, nene, yenye kingo kwenye ganda, ambayo huvushwa Busia kutoka Uganda na kufika hadi soko la Kibuye mjini Kisumu. Kwingine huitwa mzuzu au mkono wa tembo. Ndizi fupi za matoke zina nyama laini zaidi na vipimo vinavyofuata havizihusu.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili ni sukari. Gramu 100 za nyama ya gonja mbichi huwa na sukari ya takriban gramu 2 hadi 3 tu, kwa kuwa karibu wanga wote bado ni wanga mtupu, ilhali gonja iliyoiva hadi ganda likawa la manjano hufikia takriban gramu 17. Sukari hukolea rangi haraka sana ndani ya mafuta ya moto, na wanga hauna haraka hiyo. Kwa sababu hiyo gonja mbichi huvumilia mafuta makali bila kuungua, na huyahitaji, kwa vile kazi yetu kwake ni kuondoa maji yote ili kipande kikauke. Gonja mbivu nayo huhitaji mafuta ya wastani, kwa kuwa kazi yetu kwake ni kuipasha joto hadi katikati kabla ya uso wake kuwa mweusi. Unene hufuata mantiki hiyo hiyo. Kipande cha mbichi lazima kiwe chembamba kwa sababu maji yote lazima yatoke, na kipande cha mbivu lazima kiwe kinene kwa sababu tunataka maji yabaki ndani.

Vipimo kwa ufupi

Gonja mbichi hukatwa kwa unene wa milimita 2, hutiwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 180, na hukaa humo kwa dakika mbili na nusu hadi tatu na nusu. Gonja mbivu, yaani ya manjano yenye madoa meusi, hukatwa kwa unene wa milimita 12, hutiwa kwenye mafuta ya nyuzi 170, na hukaangwa kwa dakika mbili hadi mbili na nusu upande wa kwanza, kisha dakika moja na nusu hadi mbili upande wa pili. Yanayofuata ni namna ya kuvifikia vipimo hivyo katika jikoni la kawaida, ambako moto hupanda na kushuka na kisu hakina rula.

Kuchagua na kuandaa

Kwa mfano wetu tuchukue gonja mbichi mbili na mbivu mbili, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 300 pamoja na ganda. Ganda ni zito kuliko wengi wanavyodhani na huondoka na zaidi ya theluthi ya uzito huo, kwa hiyo kila gonja itakupa nyama ya kama gramu 180 hadi 190.

Gonja mbichi inayofaa kwa krispi ni ya kijani kibichi kabisa, ngumu, isiyoonyesha umanjano hata kwenye ncha. Muuzaji akikuambia kwamba iliyoanza kugeuka itakaangika vilevile, mkatalie kwa upole, kwa sababu sukari iliyokwisha kuanza kujitokeza ndani yake itakupa krispi zenye mabaka ya kahawia kabla hazijakauka. Gonja mbivu inayofaa ni ya manjano yenye madoa meusi, labda robo hadi nusu ya ganda, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kidogo bila kidole kuzama.

Kumenya gonja mbichi kuna usumbufu wake, kwa kuwa ganda limeng'ang'ania nyama na utomvu wake hunasa mikononi na kuacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Jipake mafuta kidogo ya kupikia viganjani na kwenye kisu kabla ya kuanza. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu kufuata kingo zake bila kuingia kwenye nyama, kisha iloweke gonja nzima kwenye maji yenye chumvi kwa dakika 10 na ulibandue ganda kwa kidole gumba kwa upande, si kwa kulivuta chini kama unavyofanya na ndizi ya kula. Sehemu zinazogoma zikwangue kwa kisu.

Gonja mbivu humenyeka bila taabu. Pasua ganda kwa mstari mmoja na litatoka lenyewe. Usiioshe baada ya kuimenya, kwa kuwa uso wake wenye sukari hunyonya maji, na maji hayo yote yatakurukia pindi yatakapogusa mafuta.

Kukata

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, hasa upande wa mbichi. Milimita 2 ni nyembamba sana na jicho halina uwezo wa kuipima, kwa hiyo tumia njia hii: kata vipande 10 vya mwanzo, vipange kimoja juu ya kingine bila kuvikandamiza, kisha visimamishie rula ya shule pembeni. Bunda hilo likifika sentimita 2, mkono wako uko sawa. Likifika sentimita 3, krispi zako zitakauka kwenye kingo na kubaki kama ngozi katikati. Likiwa chini ya sentimita 1 na nusu, zitakolea rangi kabla hujapata nafasi ya kuziopoa. Kifaa cha mkono cha kukatia viazi na karoti vipande vyembamba hurahisisha kazi hii mno, na kwa maoni yangu anayekusudia kuuza krispi hana budi kukinunua, kwa sababu vipande visivyolingana haviwezi kuiva pamoja hata mafuta yakiwa sahihi kiasi gani.

Vipande vya mbichi vikishakatwa, vitumbukize kwenye maji baridi yenye kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa kila lita. Maji hayo huvizuia kubadilika rangi kwa hewa na pia huosha wanga uliobaki juu, ambao ndio unaovifanya vishikane kwenye karai. Viache kwa dakika 10, vimwage kwenye chujio, kisha vitandaze juu ya kitambaa safi na kuvikausha pande zote mbili. Usifupishe hatua hii, kwa kuwa kipande chenye maji hupoza mafuta na kuyafanya yaruke.

Gonja mbivu ikate kwa mshazari ili kila kipande kiwe na uso mpana. Milimita 12 ni unene wa kidole kidogo cha mtu mzima, nayo gonja moja itatoa vipande kama 12. Usipunguze unene huo kwa kudhani kwamba vitaiva haraka zaidi. Kipande cha mbivu chenye milimita 4 kina sukari nyingi kwenye uso wake na nyama kidogo ya kuipooza, kwa hiyo huungua au kuvunjika wakati wa kugeuzwa.

Kuyajua mafuta yako

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, au mafuta mengine ya mboga yasiyo na harufu kali, yanafaa kwa aina zote mbili kwa sababu hayatoi moshi kwenye joto tunalolihitaji. Lita moja ndani ya karai hutoa kina cha kutosha katikati. Karai lisijae kupita nusu, kwa kuwa gonja mbichi hufanya mafuta yafure kwa mapovu mwanzoni.

Kipimajoto cha jikoni ndicho msaada mkubwa kuliko vyote, lakini kikague kwanza kwa maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba huku kwetu maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Nakuru, iliyo kwenye mita 1,850 hivi, huchemka karibu na nyuzi 94. Kipimajoto kinachoonyesha 96 kwenye maji yanayotokota Kisumu ni kizima, na anayekirekebisha hadi kisome 100 atakuwa amekikosesha kwa nyuzi 4.

Asiye na kipimajoto atumie kipande cha gonja mbichi cha milimita 2 kilichokaushwa vizuri. Kikitumbukizwa na kulala chini kikitoa povu moja moja, mafuta bado yako mbali. Kikizama kidogo na kuibuka baada ya muda mfupi, mapovu madogo yakikizunguka kwa utulivu, mafuta yanakaribia joto la kukaangia mbivu. Kikiibuka papo hapo, mapovu yakikivamia pande zote kwa sauti, mafuta yanafaa kwa mbichi. Mafuta yakianza kutoa moshi yamepita kiasi, na ni lazima karai litolewe motoni. Yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa kifuniko cha chuma na usiyamwagie maji kamwe.

Kukaanga mbichi kwanza

Anza na gonja mbichi, kisha zifuate mbivu. Mbichi huacha mafuta yakiwa karibu safi, ilhali mbivu huacha chembe za sukari ambazo huungua chini ya karai na kuyafanya mafuta yawe meusi na machungu kidogo. Ukianza na mbivu, krispi zako zitabeba uchungu huo.

Mafuta yakifika nyuzi 180, tia vipande vya mbichi vya uzito wa takriban gramu 100, yaani kama robo ya vipande vyote vya gonja zetu mbili. Vitie kimoja kimoja kwa haraka, vikianguka kutoka karibu na uso wa mafuta na kuelekea upande usio wako. Joto litateremka kwa nyuzi 15 hadi 20 ndani ya sekunde chache, na hilo ni jambo la kawaida. Ndiyo sababu tulianza na 180, na ndiyo sababu moto usipunguzwe wakati huu. Ukitia vipande vyote kwa mkupuo mmoja, joto litaanguka sana, maji yatatoka polepole, na vipande vitakunywa mafuta badala ya kukauka.

Sekunde 20 za kwanza vitenganishe kwa upole kwa ncha ya upawa wenye matundu, kwa kuwa wanga wake sasa unanata. Baada ya hapo sikiliza. Mwanzoni karai hunguruma na mapovu ni makubwa, kwa kuwa maji mengi yanageuka mvuke. Kufikia dakika ya pili mapovu huwa madogo, sauti hupungua, na vipande vilivyokuwa vikipinda kama karatasi mbichi huanza kugongana kwa mlio mkavu. Kadiri mapovu yanavyoisha ndivyo maji yanavyoisha. Opoa wakati mapovu yamebaki machache kwenye kingo na rangi ni ya dhahabu hafifu, kwa kawaida kati ya dakika mbili na nusu na tatu na nusu. Usisubiri rangi ya kahawia, kwanza kwa sababu krispi huendelea kukolea kidogo baada ya kutoka, na pili kwa sababu vyakula vya wanga vinavyokaangwa hadi vikakolea sana hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa usalama wa chakula hushauri ipunguzwe.

Zitandaze kwenye chujio au wavu na uzinyunyizie chumvi laini papo hapo, wakati uso bado una unyevu wa mafuta wa kuishikilia. Usizihukumu zikiwa moto, maana krispi nzuri huwa na ulaini kidogo inapotoka na hukakamaa baada ya dakika moja au mbili. Chukua moja iliyopoa uivunje: ikikatika kwa mlio, fungu hilo liko tayari, ikipinda, rudisha fungu zima kwenye mafuta ya nyuzi 170 kwa sekunde 30. Subiri mafuta yarudi kwenye 180 kabla ya fungu linalofuata, jambo linalochukua kama dakika 2 kwenye jiko la gesi. Mafungu yote manne yatakula takriban dakika 20.

Kuna anayependa gonja mbichi iliyo nene. Hiyo haikaangwi mara moja, kwa kuwa itakuwa ngumu na kavu kama gogo. Ikate vipande vya sentimita 2 na nusu, ikaange kwenye nyuzi 160 kwa dakika 3 kila upande hadi iwe laini bila kukolea, iopoe, ipondeponde kwa kitako cha kikombe hadi ibaki na unene wa sentimita 1, kisha irudishe kwenye nyuzi 185 kwa dakika moja hadi moja na nusu kila upande.

Kukaanga mbivu

Opoa masalio yote ya krispi na uache mafuta yashuke hadi nyuzi 170. Kwenye jiko la gesi punguza moto hadi wastani. Kwenye jiko la makaa funga mlango wa chini wa kupitishia hewa na uinue karai kwa dakika chache, kwa kuwa makaa hayashushi joto kwa kuamriwa, na wengi wanaounguza gonja mbivu hawana kosa jingine ila hili.

Laza vipande 8 kwa wakati mmoja, visigusane. Joto litashuka hadi karibu nyuzi 160 na utalidumisha kati ya hapo na 170. Kwa dakika nzima ya kwanza usiviguse, kwa sababu uso wake bado ni laini na unanata, na ukivichokoa vitaacha ngozi yao kwenye upawa. Kidogo kidogo ukingo unaogusana na mafuta utaanza kubadilika kutoka manjano angavu hadi rangi ya asali, na mstari huo wa rangi utapanda juu kwenye ubavu wa kipande. Ukifika nusu ya unene, geuza kwa koleo au uma. Upande wa pili huchukua muda mfupi zaidi kwa kuwa katikati tayari kumepata moto.

Kipande kilichoiva huingiliwa na ncha ya kijiti bila kukwama, na nyama yake ya ndani huwa imebadilika kutoka weupe wenye krimu hadi manjano yenye kung'aa. Weupe ukiwa umebaki katikati ilhali nje kumekolea, mafuta yalikuwa makali. Nje kukiwa hafifu baada ya dakika 5 na kipande kikiwa kizito kwa mafuta, joto lilikuwa chini ya nyuzi 150. Vilaze kwenye wavu, na si kwenye karatasi, kwa kuwa sukari iliyoyeyuka huganda ikipoa na utajikuta ukibandua karatasi kwenye chakula. Chembe chache za chumvi zinatosha, na mbivu huliwa ingali moto.

Gonja iliyo katikati na iliyopitiliza

Sokoni hupati kila mara kiwango unachokitaka. Gonja ya manjano isiyo na doa bado ina wanga mwingi. Ikate milimita 8 na uikaange kwenye nyuzi 170 hadi 175 kwa dakika 2 kila upande, ukijua kwamba haitakuwa krispi wala haitakuwa laini kama mbivu kamili. Gonja iliyo nyeusi karibu ganda zima ni tamu kupita zote na dhaifu kupita zote: ikate milimita 15 hadi 18, shusha mafuta hadi nyuzi 160, kaanga vipande vichache zaidi na uvigeuze mara moja tu. Iliyolainika hadi inachuruzika haifai kwa kazi hii, na ni heri ipondwe iingizwe kwenye unga wa mikate ya ndizi.

Kuhifadhi krispi na mafuta

Krispi ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, kwa sababu mvuke uliobaki ukifungiwa ndani ya mfuko utazilainisha kufikia asubuhi. Katika unyevu wa Kisumu, hasa wakati wa mvua, hata krispi nzuri hulegea ikiachwa wazi kwa saa chache, kwa hiyo zitie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Zilizolegea kidogo hurudi zikipashwa kwenye ovena ya nyuzi 150 kwa dakika 5. Zilizolegea kwa sababu hazikukauka tangu mwanzo hazirudi vizuri kwa njia hiyo.

Mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa kizito ili chembe za sukari zisibaki humo, na uyaweke mahali penye giza. Yaliyotumika kwa mbichi na mbivu siku moja yanafaa kutumika tena kwa mbivu au kwa vitafunio vyenye viungo, lakini si kwa krispi, ambazo huonyesha kila ladha iliyomo. Yakiwa mazito, yakitoa povu linalotanda juu na kukataa kutulia, au yakitoa moshi kabla ya kufika nyuzi 180, yamefika mwisho wake. Yatie kwenye chupa na uyatupe pamoja na taka, usiyamwage kwenye sinki.